Anwani Inabadilika, Ukurasa Hauondoki

Ukigusa kiungo kwenye tovuti ya kawaida utaona dalili zilezile: skrini inakuwa nyeupe kwa kitambo, mstari wa kupakia unakimbia juu, kisha ukurasa mpya unajengeka kuanzia kichwani hadi chini. Katika tovuti nyingine weupe huo haupo. Unagusa, menyu inabaki ilipo, wimbo uliokuwa ukicheza unaendelea, na ni sehemu ya katikati tu inayogeuka. Hata hivyo, anwani iliyo juu ya skrini nayo imegeuka, kana kwamba umehamia ukurasa mwingine. Ukibonyeza kitufe cha kurudi, unarudi. Ukiituma anwani hiyo kwa WhatsApp, mwenzako anafika palepale ulipo, ikiwa aliyeitengeneza tovuti alimaliza kazi yake. Wengi hawaimalizi, na kisa cha kutoimaliza ni kwamba kubadili anwani ndiyo sehemu rahisi kuliko zote.

Kwanza tuone kivinjari hufanya nini pale ambapo hakuna mbinu yoyote. Unapogusa kiungo, kivinjari hutuma ombi kwa seva, seva hurudisha HTML, kisha kivinjari huutupa ukurasa wa zamani pamoja na kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake, na kuujenga mpya. Njiani hufanya kazi nyingine ndogondogo ambazo hakuna aliyeziandikia msimbo. Huandika jina jipya la ukurasa, hukuweka juu kabisa ya maandishi, hukumbuka ulikuwa umeteremka hadi wapi ili ukirudi akufikishe hapo, na humwarifu mtumiaji asiyeona, kupitia programu inayomsomea skrini, kwamba ukurasa mwingine umefunguka. Programu ya ukurasa mmoja hukizuia kivinjari kufanya safari hiyo. Ikishakizuia, kazi zote hizo ndogondogo zinakuwa zake.

Kabla ya mwaka 2010 waandishi wa programu walikuwa na njia moja tu ya kubadili anwani bila kupakia ukurasa upya, nayo ilikuwa alama ya reli. Chochote kinachofuata baada ya `#` hakitumwi kwa seva kamwe. Kiliwekwa kwa ajili ya kumrusha msomaji hadi sehemu fulani ndani ya ukurasa uleule. Kwa kuwa kivinjari hukitunza katika historia yake, walioandika programu walianza kukitumia kama mahali pa kuandika ukurasa unaotazamwa. Twitter ilipotoa sura yake mpya mwaka 2010, anwani za watumiaji zikawa za namna ya `twitter.com/#!/jina`. Seva ilichokiona ni ombi la mkwaju mtupu, `/`, ikatoa ganda lisilo na kitu, kisha JavaScript ikasoma kilichofuata baada ya reli na kwenda kuleta yaliyomo.

Udhaifu wake ulionekana haraka. Mapema Februari 2011 tovuti za kampuni ya Gawker, ikiwemo Lifehacker, zilikuwa zimehamia mtindo huo. Hitilafu katika JavaScript moja tu ikatosha kuzifanya zote zionyeshe kurasa tupu, kwa sababu seva haikuwa na makala ya kutoa. Twitter yenyewe ilitangaza Mei 2012 kwamba inaachana na mtindo huo. Ilianza kuchora ukurasa wa kwanza kwenye seva, na ikaeleza kuwa muda wa kupakia ukurasa huo ulishuka hadi moja ya tano ya ulivyokuwa. Lakini viungo vya zamani vilikuwa vimeshasambaa duniani, na seva haiwezi kumwelekeza upya mtu ambaye haioni anwani yake yote. Ilibidi kibaki kipande cha JavaScript kwenye ukurasa wa mwanzo, cha kuwapokea wote waliofika na anwani za reli.

Mbinu iliyochukua nafasi hiyo ilikuwa imeshafika. Chrome 5 na Safari 5 za mwaka 2010, kisha Firefox 4 ya mwaka 2011, zilikuja na amri mpya chini ya `history`, kitu ambacho kila ukurasa unacho na ambacho kinashikilia orodha ya mahali ulipopita ndani ya kichupo kile. Desemba 2010 GitHub waliitumia katika kurasa zao za mafaili: unagusa folda, orodha inateleza pembeni, na anwani inakuwa ile halisi ya folda hiyo, isiyo na reli. Anayeifungua anwani hiyo upya anapewa na seva ukurasa kamili.

Tuchukue tovuti ya kubuni inayoonyesha ratiba za mabasi. Ukurasa wa mwanzo, `/`, una orodha ya njia. Kila njia ina anwani yake, kwa mfano `/safari/dar-mwanza` na `/safari/dar-arusha`. Viungo vyenyewe vinaandikwa kama kawaida:

```html
<a href="/safari/dar-mwanza">Dar – Mwanza</a>
```

Nasisitiza kwamba kiwe kiungo halisi chenye `href`. Nimeona tovuti nyingi ambazo mahali pa kiungo pamewekwa kipande cha maandishi kinachosikiliza mguso tu. Hapo mtu akibonyeza kwa muda mrefu ili anakili anwani au afungue kichupo kingine, hapati kitu. Kiungo kikiwa halisi, msimbo unaokidaka ni mfupi:

```js
document.addEventListener('click', e => {
  const a = e.target.closest('a');
  if (!a || a.origin !== location.origin) return;
  if (e.ctrlKey || e.metaKey || e.shiftKey) return;
  e.preventDefault();
  history.pushState(null, '', a.href);
  onyesha();
});

window.addEventListener('popstate', () => onyesha());

onyesha();
```

Mistari miwili ya mwanzo inayoanza na `if` inasema ni lini tusiingilie. Kiungo kinachokwenda tovuti nyingine tunakiacha kiende. Anayebonyeza huku ameshika Ctrl anataka kichupo kipya, naye tunamwacha. Msimbo wa kazini huongeza hapo viungo vya kupakua mafaili na vile vyenye `target`. Baada ya hapo `preventDefault` inakiambia kivinjari kisiende popote, `pushState` inaandika anwani mpya na kuiongeza kwenye orodha ya historia, na `onyesha`, ambayo ni yetu wenyewe, inasoma anwani iliyopo na kuchora kinachostahili.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. `pushState` haipeleki ombi kwa seva. Haichori kitu, haiangalii kama anwani uliyoipa ipo kweli, na wala haitoi tukio la `popstate` la kuuambia ukurasa kwamba anwani imegeuka. Ukiifuta ile `onyesha()` inayoifuata, anwani itasema Mwanza huku skrini ikiendelea kuonyesha orodha ileile, na kivinjari hakitalalamika. Nafasi ya pili ndani ya mabano, ile tuliyoiachia alama tupu, ilikusudiwa jina la ukurasa, lakini vivinjari huipuuza. Kizuizi kikubwa kilichopo ni kimoja: anwani mpya lazima iwe ya tovuti ileile. Bila kizuizi hicho, tapeli yeyote angeweza kuandika anwani ya benki yako juu ya ukurasa wake.

Sasa kitufe cha kurudi. Tuseme umeanza kwenye `/`, ukagusa Dar – Mwanza, kisha Dar – Arusha. Orodha ya historia ina mahali patatu, nawe uko pa mwisho. Ukibonyeza kurudi, kivinjari kinatambua kwamba mahali pa pili palitengenezwa kwa `pushState` ndani ya ukurasa huuhuu, kwa hiyo hakipakii kitu. Kinabadili anwani kuwa ya Mwanza, kisha kinatoa tukio la `popstate`. Sisi tunalisikia na kuita `onyesha` tena. Mwandishi aliyesahau mstari huo huletewa malalamiko ambayo mwanzoni hayaeleweki: mtu anabonyeza kurudi, anwani inabadilika, skrini haisogei. Na ukiwa hapo kwenye Mwanza ukagusa Dar – Mbeya, Arusha iliyokuwa mbele yako inafutika na Mbeya inachukua nafasi yake, kama ilivyo kwenye tovuti za kawaida.

Kuna mara tatu, basi, ambapo `onyesha` inaitwa: mtu anapogusa kiungo, anaporudi au kwenda mbele, na ukurasa unapofunguliwa kwa mara ya kwanza. Hiyo ya tatu, mstari wa mwisho wa msimbo, ndiyo inayompokea mtu aliyetumiwa anwani na mwenzake. Lakini ili ifike zamu yake, ni lazima seva imtolee mtu huyo kitu, na hapo ndipo wengi hukwama siku ya kwanza ya kupandisha tovuti hewani.

Kwenye kompyuta ya mtengenezaji kila kitu kilikwenda sawa. Alifungua `/`, akagusa viungo, anwani zikabadilika. Kisha mtu mmoja akiwa kwenye `/safari/dar-mwanza` anaupakia ukurasa upya, na kivinjari, ambacho hakijui habari za mbinu zetu, kinaiomba seva faili lililo kwenye njia hiyo. Seva inatafuta folda inayoitwa `safari`, haioni, inajibu 404: ukurasa haujapatikana. Dalili ni hiyohiyo kila mara: kugusa viungo kunafanya kazi, kupakia upya kunavunja. Tiba ni kuielekeza seva kwamba njia isiyolingana na faili lolote ijibiwe kwa ukurasa wa mwanzo, kisha JavaScript iliyo ndani yake isome anwani na kuchora. Kwenye Nginx ni mstari mmoja:

```nginx
location / {
  try_files $uri $uri/ /index.html;
}
```

Mstari huo huponya ugonjwa mmoja na kuleta mwingine unaowasumbua watu kwa saa nyingi. Tuseme ndani ya `index.html` faili la JavaScript limetajwa kama `js/app.js`, bila mkwaju mbele. Ukifungua `/`, kivinjari huomba `/js/app.js` na kulipata. Ukifungua `/safari/dar-mwanza`, huhesabu kuanzia folda ya `safari` na kuomba `/safari/js/app.js`. Faili hilo halipo, na seva sasa imefundishwa kutosema 404, kwa hiyo inatoa `index.html`. Kivinjari kilichosubiri JavaScript kinapokea HTML, kinakutana na alama ya kwanza kabisa, na kuandika kwenye konsoli yake `Unexpected token '<'`. Anayeliona kosa hilo huanza kutafuta alama iliyokosewa ndani ya msimbo wake, na hataiona, kwa sababu msimbo wake haukufika. Dawa ni kuandika `/js/app.js`, mkwaju ukiwa mbele.

Lipo pia suala la ukweli. Seva ya namna hii hujibu "ipo" kwa kila anwani, hata `/safari/dar-mwezini`. Mtu ataona maandishi ya kuomba radhi yaliyochorwa na JavaScript, lakini namba iliyotoka kwa seva ni 200, na mitambo ya kutafuta huweza kuuhesabu ukurasa huo kama halali. Kwa tovuti inayotegemea kupatikana kwenye Google, mimi naona ni afadhali seva yenyewe izijue njia zake zote, itoe ukurasa kamili kwa zilizopo na 404 ya kweli kwa zisizokuwepo.

Mtego mwingine uko kwenye nafasi ya kwanza ya `pushState`, pale tulipoandika `null`. Unaweza kuweka hapo data yoyote, na kivinjari kitaihifadhi pamoja na mahali pale kwenye historia, uipate tena kupitia `history.state`. Huvutia kuweka ratiba nzima hapo. Tatizo ni kwamba data hiyo husalia hata ukipakia ukurasa upya, kwa hiyo anayejaribu kwenye simu yake huona mambo yako sawa. Anayetumiwa anwani hana historia hiyo. Kwake `history.state` ni tupu, na ukurasa unavunjika. Kila kinachohitajika ili kuujua ukurasa ni upi kinapaswa kukaa ndani ya anwani. `state` ifae kwa vitu ambavyo vikikosekana hakuna kinachoharibika, kama vile mtu alikuwa ameteremka hadi wapi.

Sasa turudi kwa kasi ya mtandao, maana ndiyo inayofichua kasoro zisizoonekana ofisini penye intaneti nzuri. Mtu yuko kwenye basi, mawimbi yanakuja na kupotea. Anagusa Dar – Arusha, hakuna kinachotokea. Weupe wa zamani na mstari wa kupakia, ambavyo watu waliviona kuwa kero, angalau vilimwambia kwamba ombi lake limesikika. Hapa hakuna dalili mpaka mwandishi aiweke. Anagusa Dar – Mwanza. Maombi mawili yako njiani, na hakuna sheria inayosema la kwanza litarudi kwanza. Jibu la Mwanza linafika, linachorwa. Sekunde mbili baadaye linafika la Arusha, nalo linachorwa juu yake. Anwani inasema Mwanza, saa na nauli ni za Arusha, na mtu anaweza kukata tiketi kwa kuyaamini yale. Kivinjari kingeliachilia mbali ombi la kwanza mara tu mtu alipogusa kiungo cha pili. Sisi inabidi tuandike:

```js
let zamu = 0;
async function onyesha() {
  const yangu = ++zamu;
  const data = await leta(location.pathname);
  if (yangu !== zamu) return;
  chora(data);
}
```

Kila mwito unachukua namba. Jibu likifika na kukuta namba imeshasonga mbele, linatupwa. Ni mistari michache, na bado ni kasoro inayokutwa kwenye programu za watu wenye uzoefu, kwa sababu kwenye mtandao wa kasi haijitokezi.

Kuteremka kwa ukurasa nako kuna shida pande mbili. Ukigusa kiungo kilicho chini kabisa ya orodha ndefu, ukurasa mpya unachorwa lakini wewe unabaki ulikokuwa, katikati ya maandishi, kwa kuwa kwa kivinjari hukwenda popote. Hilo huponywa kwa kuita `scrollTo(0, 0)` baada ya kuchora. Kurudi ni kugumu zaidi. Kivinjari hujaribu kukurudisha mahali ulipokuwa kwenye orodha, lakini hujaribu mapema, wakati orodha haijaletwa na ukurasa bado ni mfupi, hivyo unajikuta juu. Kinachosaidia zaidi ni kutunza orodha kwenye kumbukumbu ya programu ili ukirudi ichorwe papo hapo bila kuuliza seva. Ukitaka kusimamia mwenyewe, `history.scrollRestoration` ikiwekwa `'manual'` hukiondoa kivinjari katika kazi hiyo.

Anayeumia zaidi ni yule asiyeona. Kwenye tovuti ya kawaida akigusa kiungo, programu yake husoma jina la ukurasa mpya. Kwenye programu ya ukurasa mmoja iliyoachwa hivihivi, anagusa na kusikia kimya. Maandishi yamebadilika, yeye hajui. Lazima baada ya kuchora mwandishi abadili `document.title`, kisha akipeleke kiashiria cha kivinjari kwenye kichwa cha habari mpya: kichwa kile kipewe `tabindex="-1"` na kiitwe kwa `focus()`. Hapo msomaji wa skrini atasoma "Ratiba ya Dar – Mwanza". Kubadili jina kunamfaa hata anayeona: ukibonyeza kitufe cha kurudi kwa muda mrefu, vivinjari vingi huonyesha orodha ya ulikopita, na kwenye tovuti isiyobadili majina orodha hiyo ni jina moja lililorudiwa mara kumi.

Imebaki amri ya pili, `replaceState`. Nayo hubadili anwani, ila haiongezi mahali papya, hubadilisha palipo. Tuseme tovuti ya mabasi ina kisanduku cha kutafuta, na kila herufi inayoandikwa inaonekana kwenye anwani: `?mji=m`, `?mji=mb`, `?mji=mbe`. Ukitumia `pushState`, mtu aliyeandika "Mbeya" atabonyeza kurudi mara tano kufuta neno kabla ya kutoka. Safari iliwahi kuwa na kikomo cha miito 100 ndani ya sekunde 30, na ikizidi ilikataa kwa kosa. Mimi hujiuliza swali moja: je, mtu angetegemea kitufe cha kurudi kimrudishe hapa? Njia ya basi, ndiyo. Herufi, hapana. Tovuti nyingine huongeza mahali pa uongo kwenye historia makusudi ili mtu ashindwe kutoka. Chrome sasa huparuka mahali palipoongezwa bila mtumiaji kuugusa ukurasa.

Ukitaka kuijua tovuti yoyote ilivyotengenezwa, huhitaji kufungua msimbo wake. Gusa kiungo, kisha pakia ukurasa upya. Nakili anwani, ifungue kwenye dirisha la faragha, ambako hakuna historia wala kumbukumbu yako. Rudi mara mbili, nenda mbele mara moja, ukitazama kama anwani na maandishi vinasema jambo moja. Gusa viungo viwili haraka kwenye mtandao dhaifu.

Na je, tovuti ya mabasi ilihitaji haya yote? Nadhani hapana. Ratiba ni maandishi ya kusoma. Seva ikituma HTML nyepesi, kivinjari kitafanya zile kazi ndogondogo zote bila kuombwa. Vivinjari vya sasa tena hutunza ukurasa mzima kwenye kumbukumbu unapoondoka, na ukirudi hukufungulia mara moja, ulipoishia. Tofauti ni pale ambapo kuna kitu kisichopaswa kukatika. Kwenye tovuti ya redio, mtu anasikiliza matangazo ya mpira huku akipitia ratiba ya vipindi na majina ya watangazaji. Kila upakiaji mpya ungeikata sauti, labda wakati goli linaingia. Hapo `pushState` inastahili gharama yake, pamoja na kazi zote inazomwachia mwandishi.